Mara ya Tatu Alikubali

Niliona kwanza kwamba Amaq Seriun, shahidi wetu wa pili, amevaa sarongi yake ndani nje. Mahakama ya dini ilikuwa imekuja kijijini kwetu, kisiwani Lombok, Indonesia. Kama isingethibitisha ndoa yangu na Jumahir, ambayo haikuandikishwa serikalini, cheti cha kuzaliwa cha binti yetu kingekosa jina la baba. Shahidi wa kwanza alikwisha kueleza vizuri.

“Mahari ilikuwa nini?” hakimu akamuuliza Amaq.

“Vazi la sala na Msahafu, Mheshimiwa. Baba yake Suhaeni alimwozesha, lakini huyu Jumahir! Alitetemeka, akakosea kujibu mara mbili!”

Watu wakacheka.

“Na ya tatu?” hakimu akauliza.

“Akasema, nimekubali kumwoa Suhaeni kwa mahari hiyo. Sisi mashahidi tukapaza sauti: sahihi!”

Hakimu akatamka kuwa ndoa imethibitika. Nilitaka kuruka kwa furaha.

Jumahir, siku ile ya ndoa, nyuma ya pazia, nilikuwa nikiyatamka maneno yako kimyakimya, ili usikosee tena.