Pale Magego Yalipopandana

Dada yangu alinisukumia simu usoni kabla sijaketi.

"Profesa, hebu tazama. Wanasema meno sita. Sita! Mtoto hata shule hajamaliza, meno sita yatobolewe."

Profesa ni mimi. Sijawahi kuwa profesa. Ni daktari wa meno kwenye kliniki yenye viti viwili, lakini dada hunipa cheo hicho kila anapotaka kitu au kila anaponikasirikia, na mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, kimya. Huyu ni binti tuliyembandika jina la Cherehani tangu alipojua kusema, kwa sababu mdomo wake ukianza hausimami mpaka uzi uishe. Kumwona kimya kulinitia wasiwasi kuliko hayo meno sita.

Ukimya wake niliuelewa. Alipokuwa mdogo alichongwa jino la utotoni kabla ganzi haijashika, na tangu siku hiyo akisikia mlio wa mashine ya meno, hata kwenye televisheni, huondoka chumbani. Mama yake naye alikuwa na hofu ya aina nyingine. Dada hana hata jino moja lake mwenyewe. Anayochekea ni ya bandia, juu na chini, na huyavua akiwa amefunga mlango. Hata mimi niliyesomea kazi hii sijawahi kumwona bila meno. Alipoyahitaji alikwenda kutengenezewa na mtu asiyemjua, mimi akanipita kama nauza nyanya.

"Kama ni ya kutoboa yatobolewe yote, tena mapema," alisema. "Sitaki aje kuwa kama mimi."

Nikachukua simu. Zilikuwa picha mbili za eksirei, zile ambazo mgonjwa hung'ata kishikizo na magego ya juu na ya chini yakaonekana pamoja, upande wa kushoto na wa kulia. Huko alikopelekwa na shule walikuwa wamezichora mishale myekundu. Mishale minne ilielekezwa kwenye vivuli vyeusi shingoni mwa meno, pale ambapo ganda gumu la enameli linakoma na mfupa bado haujaanza. Hapo jino ni jembamba, miale hupita kwa urahisi, na picha hutoka nyeusi hata kama jino ni zima kabisa. Kuoza kati ya meno hakuanzii hapo. Kunaanzia mbali kidogo na shingo, karibu kabisa na sehemu ambapo meno mawili yanagusana. Mishale miwili iliyobaki ilikuwa na haki: palikuwa na pembetatu ndogo nyeusi ndani ya enameli, moja haijafika nusu ya unene wake, nyingine imepita nusu lakini imekoma kabla ya mpaka wa dentini, ile sehemu laini zaidi iliyo chini ya ganda. Hayo huwa hatutoboi. Tunayapaka dawa ya floraidi, tunamfundisha mtu kupitisha uzi kati ya meno, tunasubiri na kupiga picha nyingine baadaye.

"Upuuzi mtupu," nikasema. Huwa napata raha fulani kusema hivyo kuhusu kazi ya wenzangu, na siku hiyo nilijipa raha yote. "Hakuna la kutoboa hapa."

Cherehani akainua kichwa. "Hata moja, mama mdogo?"

"Hata moja."

"Kweli kabisa?"

"Nimekuambia hata moja!"

Basi cherehani ikawaka. Aliongea mpaka chakula kikapoa, akanikumbatia shingo, akaahidi kupitisha uzi asubuhi na jioni, akataka kujua rangi ya floraidi na kama inaweza kuliwa na mkate. Dada alinitazama kwa jicho la mtu ambaye hajashawishika ila amechoka kubishana.

Walikuja kliniki kwa ajili ya floraidi. Muuguzi wangu alimkalisha Cherehani kitini, nami nikafungua zile picha kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, kwa ajili tu ya kuziweka kwenye faili lake. Nikasogeza kiti karibu na kioo.

Upande wa kushoto, juu, kati ya gego dogo la pili na gego kubwa la kwanza, meno yalikuwa yamepandana. Si mdomoni, kwenye picha. Aliyepiga alikuwa ameelekeza mashine kwa mshazari, miale haikupita katikati ya meno, kwa hiyo ganda la jino moja lilikuwa limelalia ganda la jirani na kufanya doa jeupe nene. Ndani ya weupe ule hakuna daktari duniani anayeweza kusoma kitu. Kwenye simu, kwenye kochi, nikiwa nashughulika kuwacheka watu wa mishale, nilikuwa nimepaona peupe nikapahesabu kuwa pazima.

Nilijiona mjinga, na nikijiona mjinga huwa mkali. Nilimwuliza muuguzi kwa nini trei haijapangwa. Ilikuwa imepangwa. Akanitazama tu na kuisogeza karibu zaidi.

"Tunapiga picha moja tena," nikasema. "Kushoto tu."

"Si ulisema umeshaona?" Cherehani aliuliza.

"Niliona palipoonekana."

Nilimweka kishikizo mwenyewe, nikamwambia ang'ate, nikaizungusha mashine mpaka ikatazama moja kwa moja kwenye upenyo kati ya magego yale mawili. Picha ilitokea baada ya muda mfupi. Safari hii magego yalisimama mbalimbali, na mstari mwembamba mweusi ukipita kati yao. Na kwenye gego kubwa la kwanza, ubavu wa mbele, ilikuwepo pembetatu. Kitako chake kilikuwa juu ya ubavu na ncha yake ikaelekea ndani, ikaufikia mpaka, ikauvuka, halafu weusi ukatanuka chini ya ganda kama chai iliyomwagika chini ya kitambaa. Nikapunguza mwanga, nikaongeza, kwa sababu pale mpakani macho hupenda kujitungia mstari mweusi usiokuwepo. Nikaufunika weupe wa enameli kwa ncha ya karatasi nitazame dentini peke yake. Weusi haukuondoka. Ulikuwa ndani ya dentini, theluthi ya nje.

Mshale mwekundu haukuwepo hapo. Wale waliona sita zisizohitaji mashine na kuikosa hii moja, nami niliikosa pamoja nao.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuhitaji kufundishwa. "Ile nyeusi ni nini?"

Nikamweleza.

"Basi ziba! Unangoja nini?"

"Picha inaniambia imefika wapi. Hainiambii kama ubavu wa nje umebomoka au bado ni mzima. Ukiwa mzima naweza kuizuia bila kutoboa. Ukiwa umebomoka, uchafu unakaa ndani, uzi haufiki, hapo lazima nitoboe. Kuna mengine ya kina hiki yamebomoka na mengine hayajabomoka."

"Utajuaje sasa, na yamebanana hivyo?"

Nikachukua kipira kidogo cha bluu, mviringo mnene kama tambi iliyofungwa ncha, kile ambacho mafundi wa kunyoosha meno hutumia. Nikakivuta na kukipenyeza kati ya magego mawili. Kikikaa siku mbili tatu huyasukuma meno yakaachana kidogo, kiasi cha kuchungulia, na kikitolewa yanarudi yenyewe.

"Kwa hiyo bado inawezekana isiwe ya kutoboa?" Cherehani aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilipaswa kumjibu sijui. Nikamjibu inawezekana, kwa sauti ya kumbembeleza, na jambo hilo lilinikera njia nzima ya kurudi nyumbani.

Waliporudi alikuwa na malalamiko ya kutosha juu ya kipira: anakula upande mmoja, anahisi kama nyama imekwama, rafiki zake wanamwuliza kwa nini anatafuna kama mbuzi. Alipolala kitini malalamiko yakaisha. Nikakitoa kipira, nikapuliza hewa pakauka, nikavuta taa. Upenyo ulikuwa mwembamba lakini ulitosha. Nilitaka kuona doa jeupe lililopauka, la kukwaruza kidogo, lenye uso mzima. Nilitaka hivyo kuliko inavyompasa daktari kutaka.

Katikati ya doa palikuwa na kitundu, kingo zake za kahawia. Nikapitisha chombo chenye ncha butu polepole, bila kubonyeza. Kikateleza, kikateleza, kikazama.

Alikuwa ananitazama usoni, si mkononi.

"Pametoboka," nikasema. "Nilikuahidi kitu ambacho sikuwa nimekiona. Kosa ni langu, na nimeumia."

Muuguzi aliacha kupanga vitu.

"Nionyeshe," Cherehani akasema.

Nikampa kioo cha mkononi, nikaweka kile kidogo mdomoni, nikavuta shavu. Alichungulia muda mrefu.

"Na zile sita?"

"Nne hazikuwepo. Mbili zipo, ila haziguswi na mashine."

"Kwa hiyo wao wamekosea mengi, wewe umekosea moja." Akarudisha kioo. "Haya. Lakini ganzi nyingi. Na usianze mpaka niseme."

Nilimchoma ganzi taratibu, nikasubiri. Nikagusa jino kwa pamba yenye ubaridi mkali, akatikisa kichwa kuwa hahisi. Nikagusa tena kwa sababu alitaka niguse tena. Kisha akanionyesha dole gumba, akafumba macho, akamshika muuguzi mkono. Mashine ilipolia aliruka, halafu akatulia. Ndani kulikuwa na kina zaidi kidogo kuliko picha ilivyosema, kama ilivyo kawaida. Picha huchelewa nyuma ya ugonjwa. Nilitoa kilicholainika mpaka nikafika kwenye dentini ngumu, mbali na mshipa, nikazungushia ukanda wa chuma, nikajaza na kukausha kwa taa ya bluu.

"Imekwisha?" aliuliza kwa nusu ya mdomo.

"Imekwisha."

"Imekwisha kweli, au imekwisha ya kwenye kochi?"

Muuguzi alicheka, akaondoka naye kwenda kumtafutia maji, na kupitia ukutani nikasikia cherehani ikishona tena, ikiwa na ulimi wenye ganzi.

Dada alibaki. Muda wote alikuwa ameketi kwenye kigoda cha pembeni akiwa na mkoba mapajani. Sasa alisogea mbele ya kioo kikubwa, akaweka kidole karibu na ile pembetatu.

"Hili ni jino gani?"

"Gego kubwa la kwanza. Juu kushoto."

Akagusa shavu lake mwenyewe, la kushoto. "Ndilo walianza nalo kwangu. Nilikuwa kama yeye. Liliniuma mpaka nikashindwa kwenda shule, wakaling'oa. Halafu lililofuata. Halafu mengine, nikazoea." Hakuondoa macho kwenye picha. "Lingepigwa picha hivi kabla halijauma, lingekuwepo?"

Nilitafuta jibu la upole. Halafu nikakumbuka jibu la upole lilikotufikisha.

"Lingekuwepo, dada. Huenda na mengi mengine."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akautundika mkoba kwenye ndoano, akaenda kuusukuma mlango mpaka ukafunga, kisha akaja kuketi kwenye kiti ambacho binti yake alikuwa amekiacha sasa hivi.

"Kuna mahali pananichubua huku chini," alisema. "Siku nyingi sasa."

Akainamisha kichwa, akayatoa meno ya juu, akayatoa na ya chini, akanikabidhi mkononi. Mdomo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikayaweka kwenye bakuli la maji, nikavaa glovu mpya, nikamvutia taa.