Kadi Iliyokatwa Uzi

Saa nne kamili mwalimu angempima mjukuu wangu kwa mara ya mwisho. Akishindwa hesabu za kutoa, anarudishwa darasa la pili, benchi moja na mdogo wake.

“Karibu kwetu, dada mkubwa,” mdogo mtu alimchokoza asubuhi. “Nitakuazima kifutio.”

Tulingoja kwenye ukumbi, nje ya ofisi. Mjukuu wangu, Kiherehere kama tunavyomwita, miguu haikutulia. Mimi moyoni nilikuwa namwomba Mungu, lakini macho yalikuwa kwenye daftari: hamsini na mbili, toa ishirini na nane. Aliandika thelathini na sita.

“Mbili haitoshi kutoa nane, Bibi, nikaona bora nane itoe mbili.”

“Nani kakuruhusu kupindua?”

Akafuta. Akaweka moja ubavuni mwa mbili, ikawa kumi na mbili. Safari hii akapata thelathini na nne.

“Nimekopa kama alivyosema mwalimu!”

“Umekopa wapi?”

Saa nne kasoro kumi. Mimi ni fundi cherehani, na mkobani nilikuwa na vifungo vya mashati, vilivyoshonewa kwenye kadi, kumi kumi kila moja. Nikapanga kadi tano na vifungo viwili visivyo na kadi.

“Nipe ishirini na nane. Anza na vile vinane.”

Akachukua viwili, akakwama. “Vingine viko kwenye kadi.”

“Sasa unaogopa nini?”

Akakata uzi kwa meno. Vifungo kumi vikamwagika vikaungana na viwili.

“Vimeongezeka?”

Akahesabu, midomo ikicheza. “Kadi nne, na hivi kumi na viwili… hamsini na mbili vilevile!” Akanipa vinane, akanipa kadi mbili. Zikabaki kadi mbili na vifungo vinne. Akalitazama daftari lake. “Kumbe ile kadi nimeihesabu mara mbili. Nimeikata, halafu nikaiacha nzima!”

Mlango ukafunguka. “Haya, ingieni.”

Ya kwanza, sitini na moja toa thelathini na tano, aliimaliza upesi: ishirini na sita. Mwalimu hakutabasamu. Akaandika ubaoni mia tatu na mbili, toa mia moja arobaini na tano.

Kwenye makumi palikuwa na sifuri, na hilo sikumfundisha.

Kiherehere akashika chaki, akaiacha, akaishika tena. “Kadi hakuna,” alinong’ona.

“Kadi gani?” mwalimu aliuliza.

“Basi mia moja ni kadi kumi, nazifungua hizo kwanza.” Akaikata tatu, juu yake akaandika mbili. Juu ya sifuri akaandika kumi. Akaikata nayo, ikawa tisa. Ile mbili ya mwisho ikawa kumi na mbili. Toa tano, saba. Tisa toa nne, tano. Mbili toa moja, moja.

Mwalimu alilisoma jibu: mia moja hamsini na saba. Akamgeukia. “Mbona hapa kuna tisa, si kumi?”

“Moja nimeikata uzi, Mwalimu. Siwezi kuihesabu tena.”

Mwalimu akanitazama mimi, kisha yeye. “Rudi darasani kwako. La tatu.”

Alitoka mbio hata chaki hakuirudisha.