Dole Tupu

Nina miaka ishirini na miwili katika kazi ya uchapaji. Nimewahi kuitwa ofisini kwa sababu ya wino uliomwagika, nimeitwa kwa sababu ya mdomo wangu, na mara moja niliitwa kwa kumtimua mteja aliyekuja kuvuta sigara pembeni ya karatasi zangu. Lakini kuitwa kwa sababu ya kidole, hilo lilikuwa halijanipata. Jumatatu ile likanipata.

Afisa utumishi wetu ni mama mpole, anaongea kama anayembembeleza mtoto alale. Alinisogezea barua ya kuacha kazi ya mpanga kurasa wetu, yule tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake na kwa sababu nukta haimpiti. Siku yake ya mwisho ni Ijumaa. Kwenye nafasi ya sababu ameandika mstari mmoja tu: "Nimechoka kujibiwa kwa dole tupu."

"Dole la nani?" nikauliza.

"Lako, dada yangu."

Nilicheka kwanza. Halafu damu ikanichemka. Mtu mzima, baba wa mapacha, fundi niliyemtetea mwenyewe mshahara wake uongezwe, anaacha kazi kwa sababu nimemjibu kwenye simu kwa ile alama ya kidole gumba kilichosimama! Nikamwambia afisa utumishi kwamba sikumtukana, sikumkaripia, sikumnyima jibu. Dole maana yake sawa. Dunia nzima inajua.

"Sio dunia nzima," akasema. "Mimi mwenyewe ukinitumia dole peke yake najiuliza nimekukosea nini. Vijana wa rika lake, wengi wao dole tupu wanalituma wanapotaka mtu anyamaze."

"Basi wana matatizo yao."

"Labda. Ila ujumbe wako hauna sura, dada. Hauna sauti. Anayeupokea ndiye anayejaza hivyo viwili, na wewe ni bosi wake. Ukiwa umeuma meno au unatabasamu, atajuaje?"

Nikatoka bila kuaga vizuri. Niliteremka hadi ukumbi wa mitambo, na huko angalau nilipumua. Watu wa ofisi za juu hawajui kwamba dole ni lugha yetu. Mitambo ikiwaka pale chini, hata ukipiga kelele mwenzako haambulii kitu, na masikio yote yamezibwa. Fundi akitoa karatasi ya kwanza, anaiinua. Mimi natembea mpaka alipo, naishika, naipeleka kwenye taa, naangalia rangi, naangalia mistari, halafu namtazama fundi usoni na kumpa dole. Ndipo anaachia mtambo ukimbie. Kwetu hakuna sifa inayozidi hiyo. Kuna mafundi waliosubiri mwaka mzima kupata dole langu kwenye karatasi ya kwanza bila kurudishwa.

Nilimweleza mkasa fundi mkuu wa mtambo, tuliyeanza naye kazi mwaka mmoja. Akatikisa kichwa. "Mimi dole lako halijawahi kuninyima usingizi," akasema. Dereva naye, aliyekuwa anasubiri mzigo, akasema yeye analipenda: akiandika kwamba karatasi zimefika, anapata dole, anajua bosi ameona, anawasha gari anaondoka. Nikajiona nimeshinda kesi. Mashahidi wawili.

"Ila mimi sikuulizi kitu, mama," dereva akaongeza. "Mimi nakutaarifu tu."

Lakini neno lile lilinikaa kama mwiba wa samaki, na wakati wa chakula nikatoa simu ili nimthibitishie kila mtu kwamba Profesa anajiliza bure. Nikafungua mazungumzo yetu, mimi na yeye, nikapanda nayo juu kwa kidole.

Upande wake kulikuwa na maneno. Upande wangu kulikuwa na dole. Salamu yake, dole. Taarifa ya kazi ya wiki nzima, dole. Siku aliyoniomba ruhusa kumpeleka mtoto hospitali, dole. Sikuuliza hata mtoto anaumwa nini. Nikaingia kwenye kundi la kazi, ambako na yeye anaona kila kitu, nikakuta nimemwandikia dereva siku ileile: "Pole na safari baba, pumzika kesho." Kumbe maneno ninayo. Nimeyagawa kwa wengine, yeye nikamwachia kidole, na alikuwa anasoma yote.

Nikarudi kwenye mazungumzo yetu wawili, nikashuka mpaka siku ya tarehe kumi na mbili. Hapo nikasimama.

Lazima nieleze ya tarehe kumi na mbili. Tulikuwa na kitabu cha sayansi cha shule, kurasa mia na ishirini na nane. Kilipotoka mtamboni, ukurasa wa sitini na nne ulikuwa na mchoro wa moyo ambao mteja hakuuidhinisha. Karatasi elfu sita zikawa takataka. Kwenye kikao nilimuuliza Profesa mbele ya watu kumi na moja: "Kwa nini hukuuliza?" Akaitazama simu yake, akanitazama mimi, akanyamaza. Nikaona kiburi. Mkurugenzi akampa barua ya onyo, na mimi ndiye niliyependekeza apewe.

Sasa hebu soma na wewe alichoniandikia, saa tatu na dakika kumi asubuhi ya siku hiyo:

"Shikamoo mama. Kurasa zote nimemaliza, nimezituma hapa. Michoro ya zamani ilikuwa na ukungu, hivyo nimeichora upya yote kumi na saba, imenichukua wiki tatu. Tatizo ni ukurasa wa 64. Mwandishi ametuma mchoro mwingine wa moyo jana jioni, nami sijui mteja ameidhinisha upi. Tutumie wa zamani au huu mpya? Mabamba ya kuchapia yanatengenezwa saa nne, naomba unijibu kabla."

Saa tatu na dakika kumi na tatu, dole langu.

Wa zamani au mpya, dole. Mtu anakuuliza kushoto au kulia, wewe unamwonyesha kidole kinachoelekea juu. Na barua ya mteja ya kuidhinisha ilikuwa ndani ya droo yangu! Nakumbuka nilichofanya. Nilifungua kurasa alizotuma, nikaona michoro, nikapigwa na butwaa kwa uzuri wake, nikampa dole kama ninavyompa fundi wa mtambo. Maneno yaliyotangulia sikuyasoma. Lakini yeye aliona nini? Aliona bosi ametumia dakika tatu kwa kazi ya wiki tatu, na mlango umefungwa. Akiuliza tena ataonekana msumbufu. Akakisia, akakosea, akabeba onyo langu mgongoni akiwa na ushahidi mfukoni. Angeweza kunianika kwenye kile kikao. Hakunianika. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba sahani yangu niliirudisha kama nilivyopewa.

Hasira sikuziacha, nilizigeuza tu upande. Kesho yake saa nne asubuhi nilimwandikia mkurugenzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliandika ujumbe mrefu kwenye simu, mistari ishirini na zaidi. Nilianza kwa kuomba radhi kwa zile karatasi, nikaeleza swali lilivyoulizwa na nilivyolijibu. Nilimwomba afute onyo la Profesa na barua hiyo iandikwe kwa jina langu. Nikamuuliza kama naruhusiwa kumwahidi nafasi ya mkuu wa kitengo ili abaki, maana mtu wa namna ile hatutampata tena. Nilifuta, nikaandika upya, nikasoma mara nne, nikatuma.

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani. Dole.

Nikalitazama. Amekubali? Amekubali lipi, la kufuta onyo au la nafasi? Au ameona tu, atasoma baadaye? Au amekasirika na hataki kusikia zaidi? Niliiweka simu, nikaishika tena. Nilianza kuandika "Samahani mkurugenzi, una maana", nikafuta, nikiogopa kuonekana king'ang'anizi. Mimi, ambaye nimewahi kumtimua mteja! Mpaka saa sita nilikuwa nimezunguka mitambo yote bila kuona karatasi hata moja. Nimemwekea mtu kichwa changu mezani akikate, naye ananipungia kidole.

Saa sita na robo nikapanda ngazi. Karani wake akasema mzee ana shughuli. Nikamwambia na mimi ninayo, nikaingia.

"Si nimekujibu?" mkurugenzi akasema, mkono mmoja kwenye simu.

"Hujanijibu. Nimekuuliza mambo mawili."

"Nimekubali, mama. Nimekuwekea dole."

"Umekubali nini?"

Akafungua simu, macho yakatafuta. "Kwamba... umeomba radhi kwa zile karatasi."

Alikuwa amesoma mistari mitatu. Nilivuta kiti nikakaa bila kukaribishwa. "Soma yote," nikasema. "Kwa sauti. Nina muda."

Akataka kukasirika, akaona uso wangu, akasoma. Alipofika pale penye wa zamani au mpya, sauti ikapungua. Alimaliza, akamwita karani akaagiza barua mbili: ya kufuta onyo la Profesa, na ya onyo langu. La nafasi akasema ndiyo, kwa mdomo, na mimi nikamwomba aliandike.

Nilimkuta Profesa kwenye meza yake, anapanga vitabu ndani ya sanduku la karatasi. Nikampa barua zote, na yangu ya onyo juu. Alizisoma polepole, kama anavyosoma kila kitu.

"Asante, mama," akasema. "Kwa kweli asante. Lakini kule ninakohamia nimeshasaini mkataba jana."

"Jana saa ngapi?"

"Jioni."

Jana saa saba mchana nilikuwa nimeshaujua ukweli, nikakaa nao mpaka asubuhi nikitafuta maneno mazuri ya kumwandikia mkubwa wangu. Profesa, aliyekuwa ghorofa moja juu yangu, sikupanda kumwona.

Sikuwa na la kumzuilia tena, hivyo nikamwambia lililobaki. Nikamwambia michoro yake ile kumi na saba ni kazi nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwangu miaka ishirini na miwili. Kwamba karatasi ya kwanza ilipotoka niliibandika dirishani, nikawaita mafundi wa mitambo yote waje waione, na fundi mkuu akaniuliza mtu huyu tulimtoa wapi.

Akavua miwani. Bila miwani alionekana mdogo sana.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilikupa dole."

Alifuta vioo kwa upindo wa shati, akavaa miwani.

"Sikujua kama maana yake ni hiyo," akasema, akachukua kitabu kilichofuata akakitia kwenye sanduku.