Majibu ya Kisima cha Mama Abuu

Majibu ya maabara yaliposema kwa mara ya pili kwamba maji yana vimelea vya kinyesi, Rahima alitamani kuitafuna ile karatasi. Alikwishahangaika jamani! Alipimiwa ardhi kutafuta maji, akaenda na kurudi ofisi ya maji ya bonde mpaka mlinzi akamzoea, akapata kibali cha kuchimba, kisima cha kina cha mita sabini kikachimbwa nyuma ya nyumba yake ya wageni hapo Masasi mjini. Wanunuzi wa korosho wanaingia mwezi ujao, vyumba vinane vinanukia rangi, na bwana afya hataki kusikia habari ya kufungua mpaka maji yawe salama.

Majibu ya kwanza yalipotoka, alimfuata Godfrey, fundi aliyechimba, hadi sokoni. Akamkuta na wateja wawili kutoka Nanganga.

"Umenizibia mdomo wa kisima kwa udongo! Maji ya chooni yanaingia!"

Godfrey alijitetea kwamba mdomo wa kisima aliuziba kwa saruji, na choo kiko mbali. Nani wa kumsikiliza? Wateja wake wakaaga bila kupatana bei. Hata hivyo alikuja, akamwaga klorini kisimani, akaiacha ilale, kesho yake akapampu mpaka harufu ikaisha. Na bado majibu yakawa yale yale.

Anjelina wa maabara akampa Rahima chupa ya tatu, akamsisitiza asiifungue mpaka afike bombani. Rahima akaiweka kwenye kabati la jikoni, kama zile nyingine. Alfajiri, alipomaliza kuswali, alimkuta mama mkwe wake, Bi Somoe, amechutama kwenye ndoo, kidole kimo ndani ya chupa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naosha. Ina unga unga humu. Na zile mbili zilikuwa hivi hivi. Utampelekea mtu wa serikali chupa chafu, Mama Abuu? Watasema hatukufunzwa."

"Huo unga ni dawa yao! Chupa wameshaisafisha wenyewe, wewe umetia maji ya ndoo na vidole!"

Angekuwa mtu mwingine, Rahima angemrarua, lakini huyu ndiye aliyemzaa mume wake, basi akaichukua chupa akairudisha maabara na kueleza yote.

Chupa ya nne Anjelina aliijaza mwenyewe bombani. Maji yakawa safi, bwana afya akasaini, na Rahima akapiga vigelegele peke yake uani.

"Godfrey umeshamwambia?" Bi Somoe akauliza.

"Nitampigia simu, Mama."

"Simu?" Bi Somoe alikuwa ameshajitanda kanga. "Ulimtukana sokoni, watu wanasikia. Mimi nimechafua chupa. Wewe umemchafua mtoto wa watu. Vaa viatu twende sokoni."

Rahima alivaa viatu. Siku hiyo ilikuwa ya gulio, na soko lilikuwa limejaa.