Alijifunza Mwenyewe

Kujiandika kana kwamba wewe ni mtu mwingine ni kazi, jamani. Fundi wa maji yule, mwanamke aliyezoea mashimo kuliko makaratasi, aliombwa na waandaaji wa mkutano wa mafundi atume wasifu wa maneno sitini wa kuchapwa kwenye ratiba: ni nani, anafanya kazi wapi, na jambo moja la kukumbukwa. Asiandike "mimi". Aandike "yeye".

Jambo alikuwa nalo. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kutafuta bomba linalovuja chini ya ardhi: unasimamisha fimbo ya chuma juu ya valvu, unabana sikio kwenye ncha, unasikiliza maji yanavyolia. Baadaye kaka akagombana na baba, akaondoka akisema nyumba hii hakuna anayemhesabu. Simu yake haikupatikana tena. Walisikia tu kwamba bado ni fundi, huko aliko.

Basi dada akaandika: "Kusikiliza bomba alifundishwa na kaka yake, ambaye familia bado inamngoja nyumbani."

"Ataisoma?" mama aliuliza.

"Mafundi wote hupewa ratiba, mama."

Tangu siku hiyo mama akawa anafua kila wiki mashuka ya chumba cha nyuma, alimokuwa akilala kaka, na bintiye akaona vibaya kumkataza.

Siku ya mkutano akafungua ratiba mlangoni. "Alijifunza mwenyewe kusikiliza bomba," ilisema. Kaka hakutajwa. Alimtafuta mhariri, kijana wa watu, mpole, tai shingoni.

"Dada, ulizidisha maneno, nikapunguza. Tena nimekupamba. Watu wanapenda mtu aliyejifunza mwenyewe."

"Aliyenifundisha umemtoa."

"Nilidhani ni mambo ya kifamilia tu," alisema mhariri, na kweli alidhani hivyo. Utamfanya nini mtu kama huyo?

Binti wa mapokezi akamwita. "Kumbe ni wewe! Kuna kaka alikuulizia asubuhi, pua mmefanana kabisa. Aliona jina lako kwenye tangazo. Nikampa ratiba ajisomee akikungoja."

Fundi akatazama huku na huku. "Yuko wapi?"

"Alisoma ukurasa wako, akauliza haya kaandika nani. Nikamwambia kila mtu hujiandikia wake. Akavua kitambulisho akanirudishia, akaenda zake."

Alikimbia hadi getini. Watu walikuwa wengi, wote wageni kwake. Alisimama pale na ratiba mkononi mpaka aliposikia mshereheshaji ndani akimtambulisha kwa kipaza sauti, neno kwa neno, na ukumbi ukimpigia makofi kwa kujifunza mwenyewe.

Simu ikaita. Mama.

"Vipi, amekuja?"

"Hajaja, mama," alisema.

"Basi labda kesho," mama alisema. "Mashuka yamekauka."