Barua Isiyo na Kiambatisho

Mume wangu watu humwita Mzani, kwa ile miaka aliyokaa stoo akipima mizigo ya wenzake. Maneno yake mwenyewe hapimi. Stoo ile ilipofungwa akabaki nyumbani, nami nikaendelea na kiduka changu cha steshenari, chenye kompyuta moja na printa yenye kiburi. Nusu ya mtaa CV zao nimezichapa mimi. Yake niliichapa pia, lakini kuituma akanikatalia katakata.

"Nitatuma mwenyewe kwa simu. Mimi si mtoto."

Habari ya nafasi yenyewe aliileta kaka yangu, dereva wa ghala moja la dawa. Walikuwa wanatafuta mtunza stoo. Kaka aliandika anwani ya barua pepe ya ofisi ya ajira kiganjani asije akaisahau, akaja mbio mpaka kwetu. Mzani akatuma Jumatatu. Wiki ikapita kimya, simu hakuna, jibu hakuna.

Jumapili tulikula kwa mama, na kaka alikuwepo. Katikati ya chakula Mzani akaweka kijiko chini.

"Shemeji, si useme tu nafasi mmeshampa mtu wenu? Umenifanya nijipendekeze bure."

Kaka akamtazama, kisha akanitazama mimi. Alingoja niseme neno. Nikainamia sahani, maana moyoni nilishaanza kuwaza yaleyale: kaka yangu anaogopa wakubwa, huenda kuna mkubwa kamwambia anyamaze. Akanawa mikono, akamuaga mama, akaondoka. Chakula chake kikabaki nusu.

Kesho yake asubuhi Mzani akaja dukani.

"Nataka kuwaandikia hawa watu."

"Andika. Wiki imetimia, na kuuliza si ujinga."

Nikamwachia kompyuta, nikaenda kumtolea mteja kopi. Niliporudi nikakuta ameandika: "Nasikitishwa na dharau yenu. Kama kazi ni za ndugu, semeni wazi."

"Hii ni imeili au kesi?" nikamuuliza.

"Ni ukweli."

"Ukweli huo akiusoma hata aliyetaka kukuita, anakufuta. Wewe salimia, sema uliomba kazi gani na lini, uliza wamefikia wapi, shukuru, basi. Na ujibu juu ya ile ya kwanza, wasihangaike kuitafuta."

Nikafungua barua zake zilizotumwa ili nimwonyeshe. Barua yake ilikuwa ya heshima, haina kasoro. Mwisho ilisema: "Tafadhali pokea wasifu wangu, nimeuambatisha." Chini ya jina lake hapakuwa na kitu. Nikashusha, nikapandisha. Hapakuwa na kitu.

Nikamgeuzia kioo. Akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mbona niliiweka?" alisema kwa sauti ndogo.

"Uliiweka wapi?"

Jasho lilimtoka na feni inazunguka juu ya kichwa chake. Nilimwonea aibu, kisha nikajionea mwenyewe, na yangu ilikuwa kubwa zaidi. Yeye alimtukana shemeji yake. Mimi nilimnyamazia mtu tuliyezaliwa naye tumbo moja.

Tukafuta ile kesi, akaandika upya, taratibu:

"Habari za kazi. Jumatatu iliyopita niliomba nafasi ya mtunza stoo. Katika kufuatilia maombi yangu nimegundua kuwa sikuambatisha wasifu; naomba radhi. Nimeuambatisha sasa. Kama nafasi bado ipo, nitashukuru kufikiriwa. Ahsante."

Jina na namba ya simu vikafuata. Nikamfanya auambatishe kwa mkono wake, kisha aufungue aone kama ni wenyewe. Ndipo akatuma.

Mchana jibu likaja: "Ahsante kwa kufuatilia. Wasifu wako tumeupata. Maombi yanafungwa Ijumaa. Watakaochaguliwa kwa usaili watapigiwa simu."

"Kumbe hawakunidharau," akasema Mzani.

"Wangekudharau vipi? Walikuwa hawajakuona."

Akachukua simu yake. Akaandika kitu, akataka nikisome kabla hajakituma.

"Hicho sikigusi," nikamwambia.

Hata hivyo nilichungulia. "Shemeji, leo nimefuatilia. Kumbe CV sikuiambatisha. Wewe huna kosa. Samahani kwa maneno ya jana."

Jibu la kaka lilichelewa. Nilidhani halitakuja. Lilipoingia, Mzani alilisoma, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. Akanipa simu.

"Ujumbe umefika, shemeji. Kiambatisho sikioni."

"Anataka nini sasa?" akauliza.

"Anataka uso wako."

Nikazima kompyuta, nikaanza kutafuta funguo za duka. Jana kaka hakumngoja mwingine aseme neno ila mimi.

"Na wangu," nikasema.