Mtihani Uliokatwa kwa Mkasi

Hilary Duxbury, mwalimu wa hesabu, aliichapa karatasi upande mmoja tu, maana ukichapa pande zote mbili mkasi hula swali la nyuma. Kisha akakaa kwenye meza ya jikoni, akaikata. Ulikuwa mtihani wa hesabu wa mwaka juzi, ile karatasi ya kwanza isiyoruhusu kikokotoo, na maswali yake ishirini na saba yaligeuka vipande, kila swali na kipande chake. Alipomaliza akarudia tena, sasa akikata namba za maswali pembeni na alama kwenye mabano. Mtihani ukabaki bila kichwa wala mkia.

Namba zilikuwa adui. Karatasi hizi hupangwa kutoka jepesi kwenda gumu, na kila mtoto wa Fleetwood anajua hivyo tangu darasa la chini. Lorna Threlfall alijua zaidi ya wote. Alikuwa na miaka kumi na saba, amekaa mtihani huu mara mbili na mara mbili amepata daraja la tatu, wakati dunia yote inataka la nne, maana huko namba ikipanda ndivyo ufaulu unavyopanda. Juni iliyopita alifika swali la tisa, akakwama, akalikodolea macho mpaka msimamizi alipokusanya karatasi. Kurasa zote za nyuma zilirudi nyeupe.

Sasa Bwana Hesketh, fundi umeme wa mtaa wa pili, alikuwa tayari kumchukua awe mwanagenzi wake, ila kwa sharti hilo hilo la daraja la nne. Nafasi angemshikia mpaka Januari, matokeo yatakapotoka. Mtihani ulikuwa Jumanne ya wiki inayofuata. Na Lorna alikuwa amemwambia baba yake wazi, wakila chipsi ndani ya gari, kwamba Jumanne haendi.

"Mlete kwangu Jumatano, shule si zimefungwa?" Hilary alikuwa amemwambia baba mtu kwenye simu. "Usimwahidi kitu. Mwambie kuna chai."

Jumatano hiyo upepo wa baharini ulikuwa unapiga madirisha kama mdai. Lorna aliingia na kofia ya koti kichwani, hakuivua. Baba yake, Colin, fundi rangi mwenye madoadoa meupe mpaka kwenye nyusi, alichungulia mlangoni.

"Nipo garini, bibie. Ukimaliza nipigie honi."

"Honi iko garini, Baba."

"Basi njoo uipige," alisema, akaufunga mlango.

Lorna aliitazama meza. Haikuwa na karatasi ya mtihani, ilikuwa na kipande kimoja tu, kimefinywa chini ya kikombe.

"Mengine yako wapi, mwalimu?"

"Mfukoni mwa aproni yangu."

"Unanifanya mtoto wa chekechea."

"Chekechea hawapewi chai nzito hivi. Soma."

Kipande kilisema mchanga na saruji vinachanganywa kwa uwiano wa tatu kwa moja, mchanganyiko wote kilo ishirini, tafuta mchanga. Hilary alikichagua kwa makusudi. Binti aliyekulia kwenye gari la baba fundi rangi amekoroga vitu tangu hajajua kusoma. Lorna hakuandika hata hesabu. Alisema, "Mafungu manne, kila fungu tano. Kumi na tano."

"Iandike hivyo hivyo ulivyosema."

"Si nimeshasema?"

"Msahihishaji hana masikio, mwanangu. Ana kalamu nyekundu na kikombe cha kahawa iliyopoa."

Lorna akaandika. Kipande cha pili kilikuwa pembe mbili kwenye mstari ulionyooka, moja mia na kumi na mbili: akatoa kwenye mia na themanini, akapata sitini na nane. Cha tatu, asilimia kumi na tano ya sitini. Hapo alisita. Hilary aliinuka akasuuza kijiko kilichokuwa kisafi, ili asiwe anatazama. Aliporudi, karatasi ilikuwa na asilimia kumi ambayo ni sita, na tano ambayo ni tatu, na chini yake tisa iliyopigwa mstari.

Kofia ilikuwa imeshuka, mikono imetoka kwenye koti, na koti limebaki kuning'inia mabegani. Hilary akamwongezea chai tu. Kumsifu mtoto mapema ni kama kumpigia makofi mtu anayepita juu ya gogo: anageuka kukutazama, anatumbukia.

Vikaja vipande vingine vitano, kila kimoja kizito kidogo kuliko kilichokitangulia, na Lorna akavila kama mtu anayekula njugu. Hilary akaanza kunogewa. Na alipoanza kunogewa ndipo alipokosea.

Akatoa kipande cha klabu. Idadi ya wanachama imepungua kwa asilimia ishirini, sasa wamebaki arobaini na wanane. Walikuwa wangapi? Katika mpango wake kipande hicho kilikuwa cha karibu na mwisho, lakini akajiambia: asilimia amezipiga vizuri, hili ni ndugu yake. Ni kweli yalikuwa ndugu. Lakini yalifanana sura tu, tabia mbalimbali.

Lorna alikimbia nalo. Asilimia kumi ya arobaini na nane ni nne nukta nane. Ishirini ni tisa nukta sita. Akajumlisha, akaandika kwa tarakimu kubwa: hamsini na saba nukta sita. Akainua kichwa kwa tabasamu, la kwanza tangu aingie. Halafu akaiangalia tena namba yake, na tabasamu likamwisha usoni.

"Nukta sita," alisema. "Mtu nukta sita."

"Lorna..."

"Mwanachama hana miguu, labda? Ndiyo maana klabu inakimbiwa?" Sauti ilikuwa ya mzaha, macho hayakuwa. Alisukuma karatasi, kikombe kikayumba, chai ikamwagika juu ya mchanga na saruji. "Unaona? Ni hivi hivi. Naenda, naenda, halafu ukuta. Hili lilikuwa swali la tisa, sivyo?"

"Silo."

"Basi ni lingine la tisa. Nimechoka, mwalimu. Mwambie baba nimejaribu."

Alikuwa ameshasimama, mkono mmoja kwenye mkono wa koti. Hilary alijua maneno yote yanayosemwa wakati huo: unaweza, usikate tamaa, jiamini. Aliyajua pia yanavyopokelewa. Mtu aliyetumbukia hataki kusifiwa uogeleaji wake.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikupaswa kulitoa sasa. Niliona umechangamka nikakurukisha ngazi tatu. Mpangaji ndiye aliyeteleza, si mpandaji."

Lorna alisimama na mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje.

"Kwani wewe ndiye uliyepanga?"

"Nani mwingine? Hili lilikuwa nyuma kabisa, ukurasa wa kumi na nane."

"Kumbe umechanganya? Hatukwenda moja, mbili, tatu?"

"Hata kidogo. La mchanga ni la katikati ya mtihani. Ulilijibu kwa mdomo."

Binti alikitazama kile kipande kilicholowa chai. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia jambo la aibu. "Na hiyo inaruhusiwa? Siku yenyewe?"

"Nini?"

"Kuruka. Kuanzia popote."

Hilary alikaa chini. Miaka ishirini na zaidi ya kufundisha, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anahitaji kuambiwa. "Ulidhani ni kosa?"

"Bibi Porter wa darasa la nne alikuwa akisema usiguse la pili kabla hujamaliza la kwanza. Ukiruka anakurudisha." Lorna alijikuna shingo. "Nilidhani ndiyo sheria. Kwamba wanaona."

Kwa hiyo nusu saa ile ya Juni, macho kwenye swali la tisa, haikuwa uvivu wala bumbuwazi. Alikuwa mtiifu. Hilary alihisi hasira isiyokuwa na pa kwenda, akaimeza na chai.

"Jalada la mtihani linasema jibu maswali yote. Halisemi uanzie wapi. Anzia mwisho ukitaka, anzia kwenye picha nzuri. Na ukikwama, andika hatua unayoijua uondoke. Hatua sahihi ina alama yake hata jibu likiwa na miguu pungufu."

Akachota mfukoni vipande vyote vilivyobaki, akavimwaga mezani penye unyevunyevu wa chai. "Mimi nimeshaharibu. Panga wewe. Usifanye hata kimoja, soma tu. Huku weka unayoyaweza. Hapa unayoweza kuyaanza. Kule, bado."

"Na kama yote ni bado?"

"Basi tutajua, na utapiga honi."

Lorna alivua koti lote, akakaa. Ilichukua muda. Alikuwa akisoma huku midomo ikicheza, akiweka, akihamisha. Fungu la "naweza" lilinenepa kuliko alivyotarajia, hilo Hilary aliliona kwa jinsi alivyolirudia kulihesabu kwa kidole. Fungu la "bado" lilikuwa na vipande vinne. La klabu alilitupa huko bila kulitazama.

"Ungekuwa ndani ya chumba cha mtihani, ungeanza na nini?"

Kalamu ikaenda fungu la kwanza. Ikapita humo bila kelele. Kisha, bila kuambiwa, ikaingia la katikati: mstatili ambao urefu wake unazidi upana kwa sentimita tano, mzingo wake thelathini na nne, tafuta upana. Lorna alichora mstatili, akaandika pande zake, x juu ya upana, x kujumlisha tano juu ya urefu. Akakwama. Mabega yakaanza kupanda. Hilary alishika kikombe kwa mikono yote miwili ili isimponyoke kusaidia.

"Nazunguka tu," Lorna alijisemea. "Kama baba anapopaka fremu ya dirisha. Pande nne." Akajumlisha: x nne na kumi. Thelathini na nne. Akatoa kumi. Sita. Halafu akafanya kitu ambacho alikuwa hajawahi kukifanya mbele ya Hilary: akajikagua, sita na kumi na moja, sita na kumi na moja, akafika thelathini na nne.

"Ngoja," alisema, akanyoosha mkono hadi fungu la "bado". Akalivuta la klabu.

Alilisoma mara mbili. "Hao arobaini na wanane si mia kwa mia. Wale ishirini wameshaondoka. Hawa ni themanini." Kalamu ilikuwa ikigonga meza. "Themanini ni arobaini na nane. Kumi ni sita. Mia ni..." Akacheka kwa pua. "Sitini. Wote wana miguu."

Hilary alisema tu, "Iandike hivyo."

Yale matatu mengine yalibaki kwenye "bado". Walifanya hatua moja ya kila moja, wakayaacha. Colin alipochoka kusubiri akaingia mwenyewe, akamkuta binti yake amepiga magoti juu ya kiti, akibishana na mwalimu wake kwamba swali la grafu limeandikwa kipumbavu.

"Nimeona sikupigiwa honi," alisema.

"Nyamaza, Baba, nahesabu."

Jumanne, mchana, simu ya Hilary ilitetemeka karibu na sinki. Ujumbe wa Lorna ulikuwa mrefu, hauna nukta wala mkato. Alisema ameanzia ukurasa wa kumi na moja. Alisema msimamizi alimtazama kama aliyeshika karatasi juu chini, naye akamtazama vile vile mpaka yule akaenda zake. Mawili yalimshinda kabisa, ila ameyaandikia hatua, na hakuna ukurasa mweupe. Bado karatasi mbili, na hizo zina kikokotoo.

Hilary alikausha mikono, akaandika: *Alhamisi saa kumi, njoo na mkasi wako.*